Asilimia Themanini na Nane ya Mama Wamuyu

Mama Wamuyu aliingia maktabani Jumanne saa mbili na dakika tano asubuhi, gambuti miguuni, kofia ya pikipiki kichwani na karatasi mkononi, na kabla hajanisalimia alikuwa ameshatangazia sakafu nzima kwamba yeye si mwizi. Wanafunzi wanne waliokuwa wamelala juu ya vitabu waliamka. Mlinzi wa mlangoni, aliyekuwa akimfuata nyuma akilalamikia matope, alisimama akasahau matope.

"Nasir! Mimi ni mwizi?"

"Habari ya asubuhi, Mama Wamuyu."

"Hakuna habari. Angalia hii karatasi uniambie. Mimi ni mwizi?"

Nikaitazama karatasi. Juu kabisa, kwa rangi nyekundu, palikuwa na namba themanini na nane. Nilicheka. Najua si vizuri kumcheka mtu aliye karibu kulia, lakini miaka tisa nimefanya kazi hii na sijawahi kuona themanini na nane. Hata wezi wenyewe hufika sitini wakachoka.

Kazi yangu katika chuo kikuu hiki cha hapa Njoro ni kusoma ripoti za mfanano. Tasnifu yoyote, kabla ya kupokelewa, hupitishwa kwenye programu inayolinganisha maneno yake na mamilioni ya kurasa: tovuti, majarida, tasnifu za zamani, kazi za wanafunzi zilizohifadhiwa huko na huko. Programu inarudisha kazi yako ikiwa imepakwa rangi kila mahali ilipopata maneno yanayofanana na ya mahali pengine, na kando inaandika kila chanzo na asilimia yake, halafu juu inaweka jumla. Basi. Programu haijui wizi ni nini. Inajua kufanana tu, na kutofautisha mawili hayo ni kazi ya mtu mwenye macho na kiti. Nimelisema jambo hili kwa wanafunzi, kwa wahadhiri, na siku moja kwenye harusi ya binamu yangu kule Bondeni, mama akanikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Bado watu wanasoma namba ya juu peke yake kama wanaosoma matokeo ya mpira.

Huyu mama ana miaka hamsini na saba na jina lake ni Wariara, ingawa Njoro nzima humwita kwa jina la bintiye. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake imekuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Anazunguka na pikipiki kuanzia hapa hadi Mau Narok, mtungi wa baridi wa kuhifadhia mbegu za fahali umefungwa nyuma, na ukimtajia boma lolote atakuambia kwanza ng'ombe wa hapo ni binti wa fahali gani, halafu ndipo akutajie wenye boma. Wamuyu alipojiunga na chuo, mama yake alishikwa na wivu. Anasema hivyo mwenyewe bila haya. "Nililipa fees mara ya kwanza nikaona, ala! Na mimi je?" Akaomba nafasi ya shahada ya uzamili, akapata. Walikuwa wameahidiana na Wamuyu kwamba watahitimu siku moja, mwezi wa kumi na mbili, binti na digrii yake ya kwanza, mama na ya pili, wakipigwa picha pamoja na majoho. Mwisho wa kupeleka tasnifu ulikuwa Ijumaa ile ile saa kumi na moja jioni. Kiwango cha juu kinachokubalika chuoni kwetu ni asilimia ishirini. Yeye alikuwa na themanini na nane.

"Keti," nikamwambia. "Vua kofia kwanza."

"Nikivua nitalia."

Akaketi na kofia yake.

Nikaifungua ripoti kwenye kompyuta na kuanza pale ninapoanzia siku zote, si juu kwenye namba bali kando kwenye orodha ya vyanzo. Chanzo cha kwanza kilikuwa asilimia themanini na moja peke yake. Hakikuwa kitabu wala tovuti. Kiliandikwa kuwa ni kazi ya mwanafunzi, iliyowasilishwa katika chuo kimoja ambacho Mama Wamuyu hajawahi hata kupita nje ya geti lake, wiki tatu zilizopita.

"Mama Wamuyu, hii thesis umeipimisha mahali pengine?"

Akanyamaza. Kunyamaza kwa Mama Wamuyu ni kitu cha kuandikwa kwenye kalenda.

"Ile cyber ya Mburu, hapo nje ya geti," akasema mwishowe. "Alisema anacheki plag, kama kazi imenakiliwa. Nilitaka tu kujua niko wapi kabla nilete kwenu. Si mtu hujipima kwanza?"

Nikaweka kichwa mezani nikacheka tena, na safari hii sikujificha. Kwa nini nisicheke? Mburu ana akaunti ya mwalimu fulani wa chuo kingine, na kila kazi anayoipitisha pale inabaki kwenye hifadhi ya programu. Mama Wamuyu alijipima kwa Mburu, programu ikaiweka kazi yake kabatini, na alipoileta kwetu ikamkuta kabatini. Alikuwa anafanana na yeye mwenyewe. Nikamweleza hivyo, polepole, na nikaona uso ukifunguka chini ya kofia.

"Ati nimejiibia?"

"Hujaiba. Umefanana na wewe mwenyewe."

"Uuuwi! Nasir! Nimefanana na mimi!" Akapiga meza kofi. Wanafunzi wanne walikuwa wamehamia meza ya karibu ili wasikie vizuri.

Lakini maneno ya mdomo hayatoshi, na mimi sitoi chanzo kwenye ripoti kwa sababu mtu ni mcheshi. Nikamwomba ushahidi. Akaingiza mkono kwenye begi, akatoa glovu ndefu ya plastiki, bahati nzuri mpya, halafu chupa ya iodini, halafu stakabadhi ambayo Mburu alimchapia: jina lake, kichwa cha tasnifu, tarehe. Tarehe ilikuwa ile ile ya kwenye ripoti. Nikaipiga picha na kumwandikia msimamizi wake, Profesa Kahiga, ambaye amekuwa akisoma rasimu zake tangu mwaka juzi, nikimweleza chanzo cha kwanza ni nini na kwa nini naomba kibali cha kukiondoa. Profesa akajibu kabla ya saa nne. Alisema kazi ni ya Wariara, anaijua sura kwa sura, niondoe, na nimwambie Wariara akae mbali na Mburu.

Nikaondoa. Themanini na nane ikaanguka hadi kumi na tisa.

Mama Wamuyu alivua kofia.

Nikaondoa orodha ya marejeo, kama kanuni zetu zinavyoruhusu, kwa sababu jina la kitabu halina budi kufanana na jina la kitabu. Ikashuka hadi kumi na nne. Mama Wamuyu alisimama, akacheza hatua mbili kando ya rafu ya majarida, gambuti zikilia kwenye sakafu, na mmoja wa wale wanafunzi akampigia makofi. Mimi nilikuwa na furaha kama nimepandishwa cheo. Asubuhi mtu aliingia akiwa mwizi wa karne na sasa hata saa tano haijafika.

"Sign hiyo form, Nasir. Sign niende. Kuna ng'ombe huko Piave inaningojea tangu jana jioni."

"Ngoja nimalize kusoma."

"Kusoma nini? Si ni fourteen?"

Hapo ndipo watu wote hunichoka. Ukitoa chanzo kikubwa, kilichokuwa kimefichwa chini yake hujitokeza, kwa hiyo ripoti huanza upya na inabidi uisome upya. Nikapita rangi moja moja. Ukurasa wa jalada: umefanana na majalada yote ya chuo, na ni lazima. Tamko la mwanafunzi kwamba kazi ni yake: maneno ya chuo, kila mtu hunakili, hakuna shida. Majina ya wizara na mashirika. Sentensi ya kuchagua idadi ya wakulima wa kuhojiwa, ambayo kila mtafiti huiandika karibu sawasawa, na aliyebuni kanuni hiyo ametajwa. Fasili moja iliyonukuliwa ndani ya alama za kunukuu, mwandishi na ukurasa vimetajwa. Vipande vya maneno matano, saba, vya namna ya kila siku, vilivyotawanyika huku na kule. Nilikuwa nampitisha, naye akiitikia kila rangi kwa "Hiyo ni sawa? Na hiyo?" akizidi kuchangamka.

Halafu nikafika ukurasa wa thelathini na moja.

Rangi ilianza juu ya ukurasa na haikukatika. Ikashuka hadi chini, ikaendelea ukurasa uliofuata, ikaishia katikati ya thelathini na tatu. Chanzo kimoja: tasnifu ya mtu anayeitwa Kimeli, ya mwaka wa elfu mbili na kumi na moja. Asilimia tatu tu. Sentensi kwa sentensi, hata mpangilio wa mifano. Neno moja moja limebadilishwa hapa na pale. Kimeli ametajwa mara moja, mwishoni mwa aya ya mwisho, na alama za kunukuu hakuna hata moja.

Furaha ikanitoka. Niliitafuta sababu ya kuipuuza nikaikosa. Niliigeuza kompyuta akaiona mwenyewe.

"Hii ulitoa wapi, Mama Wamuyu?"

"Hiyo ni notes zangu." Akatoa kwenye begi daftari jeusi lenye jalada gumu, lile analoandikia ng'ombe wa watu. Nyuma, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani, kulikuwa na kurasa tano za maneno ya Kimeli, na juu yake hakuna jina la Kimeli. "Ona. Niliandika na mkono wangu. Hii ni writing yangu."

Na nikamwelewa, ndiyo maana iliniuma. Watu wa kazi yake wamezoea hivyo. Ofisi ya mifugo huleta kijitabu kimoja kwa wilaya nzima, mtu anakinakili kwenye daftari jeusi, anakirudisha, na kuanzia siku hiyo maneno ni ya daftari. Anayafundisha, anayasimulia kwenye mikutano ya wakulima, hakuna anayeuliza yalitoka wapi. Miaka ishirini na sita mkono wake ulikuwa ndio chanzo. Alipoketi kuandika sura ya pili alifungua daftari lake na kunakili kilicho chake.

"Lakini ni fourteen," akasema, polepole safari hii.

"Ni fourteen."

"Na mwisho ni twenty."

"Mwisho ni ishirini."

"Kwa hivyo nimepita."

"Namba imepita. Hizi kurasa hazijapita. Zile themanini na moja hazikuwa wizi, hizi tatu ndizo. Si wizi wa kukusudia, najua. Lakini aliyeandika haya ni Kimeli, na msomaji ataamini ni wewe."

Alinitazama kwa macho ambayo nafikiri ng'ombe wakaidi wanayajua. Akaniambia kwamba mimi ni mtu mgumu, kwamba Wamuyu ameshachagua viatu, kwamba mwaka ujao yeye atakuwa hamsini na nane na huenda pia amekufa. Akachukua kofia yake akatoka. Nikasikia pikipiki ikiwaka, ikizimika, ikiwaka tena. Nilikaa pale nikijichukia. Fomu ilikuwa mbele yangu, mstari wa sahihi uko wazi, na hakuna mtu duniani angeniuliza kuhusu asilimia tatu.

Baada ya robo saa akarudi.

"Mburu anasema anaweza kuitoa na mashine," akasema akiwa bado amesimama. "Dakika tano. Nimeona ameandika nini. Ameandika ng'ombe iko na homa."

"Homa?"

"Mahali Kimeli anasema ng'ombe iko na joto, inataka fahali, mashine imebadilisha ikasema iko na homa! Kwa hivyo mkulima apigie mimi ama daktari?" Akaanza kucheka, nami nikaanza, na tukacheka hadi machozi, mlinzi akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. "Na ati kuna njia ingine, anabadilisha herufi anaweka za Urusi zinafanana na zetu, mashine haioni. Nikamwambia Mburu, mimi nilikuja kusoma, sikukuja kujificha. Haya. Nifunze. Ninabadilisha aje hiyo kitu?"

Ninakiri kwamba nilitaka kumkumbatia.

Siku iliyofuata alikuja mchana na kurasa zake mpya, akiwa na majivuno. Nikazisoma. Alikuwa amekaa na kamusi jioni nzima. Palipokuwa na "wakulima wadogo" sasa palikuwa na "wafugaji wa kiwango cha chini", palipokuwa na "kushindwa kutambua" pakawa na "kutofaulu kugundua", na kila sentensi ilisimama pale pale ilipokuwa imesimama ya Kimeli, kwa urefu ule ule, kwa mpangilio ule ule.

"Umembadilishia Kimeli shati," nikamwambia. "Mtu ni yule yule."

"Nasir, wewe unataka nini?"

"Funga hiyo karatasi. Funga na daftari. Weka huko mbali." Nikavisukuma hadi mwisho wa meza. "Sasa fikiria mimi ni mkulima. Nina ng'ombe mmoja, amepandwa mara tatu na hashiki. Niambie Kimeli alisema nini kuhusu watu kama mimi."

Akafikiri. Halafu akainama mbele, mikono kwenye magoti, na sauti yake ikabadilika ikawa ile anayoitumia kwenye maboma.

"Sikiza, mzee. Kuna mtu anaitwa Kimeli alizunguka kwa wakulima, akauliza kwa nini ng'ombe hazishiki. Akapata mbegu si shida sana. Shida ni saa. Ng'ombe ikiwa na joto asubuhi, inafaa ipandwe jioni. Ikiwa jioni, ipandwe asubuhi. Ukipitisha, umetupa mbegu. Sasa yeye anasema watu wanapitisha kwa sababu hawajui dalili. Hawajasoma. Hawaoni ng'ombe ikisimama ikipandwa na zingine, hawaoni ute, hawaoni maziwa ikipungua..."

Kidole kikabaki hewani.

"Lakini hiyo si ukweli."

"Nini si ukweli?"

"Wanaona! Nasir, wanaona! Mimi niliuliza watu themanini. Hamsini na tatu walinitajia dalili zote bila kukosea, na karibu wote ni wamama. Mama anakamua saa kumi na moja asubuhi, anaona. Anajua kabisa. Lakini hawezi kunipigia simu mpaka mzee arudi aseme sawa. Mzee ako shamba, ama ako kwa duka, anarudi jioni. Wananipigia usiku. Nafika kesho, joto imeenda." Alisimama. "Si hawajui! Ni simu imechelewa! Hiyo iko kwa chapter four yangu, kwa table, na kwa chapter two nimeandika kinyume na mkono wangu mwenyewe!"

Sikuweza kukaa. Nilisimama nami, tukawa watu wawili tumesimama maktabani tukipigiana kelele za furaha kuhusu uzazi wa ng'ombe. Aliyabeba maneno ya Kimeli kwenye daftari jeusi muda mrefu kiasi kwamba hakuwahi kuyasikia. Sasa alipolazimika kuyasema kwa mdomo wake, yakagoma.

Alitaka kuandika mara moja kwamba Kimeli ni mwongo. Nikamzuia.

"Kwanza msemee vizuri. Useme alichosema yeye, sawasawa, bila kumwongezea wala kumpunguzia, na uweke jina lake na mwaka mwanzoni kabisa, msomaji ajue ni yeye anaongea. Usingoje mwisho wa aya. Halafu aya nyingine, uingie wewe."

"Na ile sentensi yake ya mwisho? Ile kali, ya kusema mkulima asiyesoma ndiye ugonjwa wa kwanza wa ng'ombe? Mimi siwezi kuisema vizuri kumshinda."

"Basi usiiseme. Inukuu. Alama za kunukuu, jina, mwaka, ukurasa. Mnukuu mtu akiwa amesema kitu kwa namna ambayo maneno yenyewe ndiyo unayotaka kubishana nayo."

Aliandika palepale, kwa kalamu, ulimi nje. Alipomaliza ndipo nikamruhusu kufungua Kimeli na kulinganisha, kuona kama amemsingizia na kama kuna kipande chake kimerudi bila kubisha hodi. Alikipata kimoja, cha maneno kumi na mbili, akakikata mwenyewe kabla sijakionyesha. Alhamisi akampelekea Profesa Kahiga. Profesa akaisoma akapiga simu, akasema kurasa hizi tatu ndizo zinazopaswa kuwa mlango wa tasnifu nzima. Akasema pia Wariara aambatishe dodoso lote, pamoja na kibali cha utafiti na masharti yake, kwa sababu alikuwa amesahau. Mama Wamuyu akaambatisha.

Ijumaa saa tisa na nusu nikapitisha kazi iliyokamilika, nikaondoa tena chanzo cha Mburu na orodha ya marejeo. Namba ikatoka kumi na sita.

"Imepanda?" Mama Wamuyu akashika kifua. "Siku tatu nimepigana, imepanda?"

"Usiniulize. Soma wewe."

Nikampa kiti changu. Akavaa miwani. Alianzia kando kwenye orodha, si juu kwenye namba, na mimi nikasikia raha ambayo siwezi kuieleza kwa watu wa nyumbani. "Kimeli ako wapi? Ako hapa, nukuu tu, asilimia haifiki hata moja, sawa. Hii imeongezeka ni nini... Ah! Ni permit! Masharti ya permit, kila mtu huwa nayo. Na dodoso, maswali nilichukua kwa ile ya wizara, na nimesema nimechukua." Akateremka hadi ukurasa wa thelathini na moja. Nukuu moja ilikuwa imepakwa rangi. Kurasa zilizobaki, hadi thelathini na tatu, zilikuwa nyeupe tupu. "Aki Nasir," akasema kwa sauti ndogo. "Hakuna mtu mwingine amewahi kuandika hii."

Nikaweka sahihi. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini, na ofisi ya wanafunzi wa uzamili iko upande wa pili wa chuo, kwa hiyo alinipandisha kwenye pikipiki. Nilikaa nyuma nikikumbatia mtungi wa mbegu za fahali kana kwamba ni mtoto, tasnifu imebanwa kati yetu, na wanafunzi walitupisha njia wakishangilia bila kujua wanashangilia nini.

Ofisini alikuwepo karani mmoja, kijana anayeitwa Maxwel, tayari ameshachukua koti lake. Akafungua faili na kuona ripoti zote mbili, ya Jumanne na ya leo. Akakunja uso.

"Mathe, hii ya kwanza ilikuwa fourteen. Sasa ni sixteen. Huwa inafaa ishuke. Si ungeleta tu ile ya kwanza?"

"Ile ya kwanza ilikuwa na vitu za wenyewe," Mama Wamuyu akasema. "Hii ya pili imeongezeka permit na maswali, ona hapa na hapa. Ukiona namba imepanda usiogope, angalia ni nini imepanda. Sasa fungua page thirty-one."

Maxwel alitazama saa ukutani, akaona mama hana haraka, akafungua. Alisoma amesimama. Halafu akaketi, koti mapajani, akasoma hadi thelathini na tatu. Sisi tulinyamaza. Kwa Mama Wamuyu hiyo ilikuwa mara ya pili ndani ya wiki moja.

"Hii ni mathe wetu wa nyumbani," Maxwel akasema. "Sisi tunatoka Molo. Mathe ndiye hukamua, na simu ni ya buda, babangu. Tumeuza ng'ombe mbili tukisema ni tasa." Akafunga tasnifu taratibu. "Na kila mara buda alikuwa anasema mathe hajui kuangalia ng'ombe."

Akachukua muhuri, akapiga kwenye fomu, akaandika tarehe, na Mama Wamuyu akatoa vigelegele ambavyo vilimleta askari kutoka getini mbio na rungu mkononi. Hapo ndipo alipolia, kwenye simu, akimwambia Wamuyu aende akapimwe joho, wao ni wa siku moja. Wamuyu naye alikuwa analia, tulimsikia hadi sisi.

Nilikuwa nageuka kuondoka Maxwel aliponiita. Alitaka nimtolee nakala ya zile kurasa tatu. Nikamwambia za faili ziko tayari kwenye tasnifu.

"Si za faili," akasema. "Naenda nyumbani kesho. Nataka kumsomea buda."

Nikamtolea, na juu ya kila ukurasa nikaandika jina la Wariara.